Mlango, Choo na Sinki Katika Bafu Dogo: Jinsi ya Kupima Visigongane

Wakazi wengi wanaojenga nyumba za kupangisha katika kaunti hutenga nafasi ndogo kwa ajili ya bafu. Ndani ya nafasi hiyo hutarajiwa kuingia choo cha kuvuta maji, sinki ya kunawia mikono, shawa na mlango. Katika mchoro kila kitu hukaa vizuri. Fundi anapomaliza kazi na mpangaji wa kwanza kuingia, ndipo inapogunduliwa kwamba mlango unagonga sinki, au kwamba mtu hawezi kufunga mlango bila kujibana ukutani.

Makala haya yanaeleza namna ya kupima nafasi kati ya choo, sinki na mlango kabla ya kazi kuanza. Mfano unaotumika ni bafu la bedsita, kwa sababu ndilo linalojengwa kwa wingi na ndilo lenye nafasi finyu zaidi. Katika ploti yenye bedsita 12 zinazofanana, kosa la sentimita moja katika mchoro hurudiwa mara 12.

Vipimo katika mchoro huandikwa kwa milimita. Hapa vimeandikwa kwa sentimita ili viwe rahisi kusomwa kwenye tepu ya fundi. Milimita 1,200 katika mchoro ni sawa na sentimita 120.

Kipimo cha mchoro na kipimo cha bafu lililokamilika

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba mchoro kwa kawaida hupima kutoka jiwe hadi jiwe. Ukuta ukishajengwa hupigwa plasta, kisha juu ya plasta hubandikwa taili kwa gundi yake. Plasta huchukua takriban sentimita moja na nusu. Taili pamoja na gundi yake huchukua takriban kiasi hicho hicho. Kwa hivyo kila ukuta husogea ndani kwa sentimita 3, na kwa kuwa bafu lina ukuta pande zote mbili, upana hupungua kwa sentimita 6. Urefu nao hupungua kwa sentimita 6.

Bafu lililochorwa kuwa na upana wa sentimita 120 na urefu wa sentimita 180 litakuwa na upana wa 114 na urefu wa 174 siku mpangaji anapopewa ufunguo. Sentimita 6 hazionekani kuwa nyingi. Katika chumba cha kulala hakuna atakayezitambua. Katika bafu dogo, hizo ndizo mara nyingi huamua kama mlango utapita au utagonga.

Kwa sababu hiyo, hesabu zote za bafu zinapaswa kufanywa kwa vipimo vya bafu lililokamilika. Mwenye jengo anaweza kumwomba mchoraji aandike vipimo hivyo katika mchoro wa bafu, kando ya vile vya mawe. Kama ukuta hautawekwa taili bali utapakwa rangi tu, upungufu utakuwa ule wa plasta peke yake.

Nafasi ya kifaa na nafasi ya mtu

Kila kifaa cha bafuni kina nafasi mbili. Ya kwanza ni ile kinayoikalia chenyewe. Ya pili ni ile anayohitaji mtu anayekitumia. Mchoro mara nyingi huonyesha ya kwanza tu.

Choo cha kawaida, chenye tangi lililounganishwa na bakuli, hutoka ukutani kwa kati ya sentimita 65 na 70, na upana wake ni kati ya 36 na 40. Mtu aliyeketi anahitaji nafasi ya mabega na mapaja pande zote mbili, na nafasi ya magoti mbele. Kipimo kinachofaa ni sentimita 38 kutoka katikati ya choo hadi ukuta au kifaa kilicho kando, upande wa kulia na upande wa kushoto. Mbele ya choo, sentimita 60 humwezesha mtu mzima kuketi na kuinuka bila kupinda magoti pembeni. Kanuni za mabomba zinazotumiwa katika sehemu nyingi za Marekani hukubali mbele ya choo inchi 21, yaani kama sentimita 53, na kando inchi 15, yaani 38. Chini ya hapo, mtu mnene, mama mjamzito au mzee mwenye magoti yanayouma hupata taabu.

Sinki ya kawaida ya bafu dogo ina upana wa kama sentimita 45 na hutoka ukutani kwa 35. Anayenawa uso huinama mbele na kutanua viwiko. Kama sinki imesukumwa kabisa kwenye kona, kiwiko kimoja hugonga ukuta. Kwa hivyo sinki pia inafaa kuwa na sentimita 38 kutoka katikati yake hadi ukuta wa kando.

Mlango nao una nafasi mbili. Unapofungwa huchukua nafasi ndogo tu katika ukuta. Unapofunguliwa hupita juu ya sakafu na kuchora robo duara. Ubao wa mlango wenye upana wa sentimita 70 huchora robo duara yenye urefu wa 70 kila upande kutoka kwenye bawaba. Chochote kilicho ndani ya robo duara hiyo kitagongwa, kiwe kirefu au kifupi, kwa sababu mlango huanzia karibu na sakafu na kwenda hadi juu. Bakuli la choo lenye kimo cha sentimita 40 litagongwa sawa na sinki yenye kimo cha 80.

Mfano: bafu la sentimita 120 kwa 180

Bafu la mfano lilichorwa hivi. Choo kiko kwenye ukuta mfupi wa upande mmoja, katikati ya ukuta huo. Sinki iko kwenye ukuta mfupi unaokitazama choo. Imesukumwa hadi kwenye kona iliyo mbali na mlango, ili isizuie anayeingia. Mlango uko kwenye ukuta mrefu, karibu na upande wa sinki. Fremu yake ina upana wa sentimita 80, na kati ya fremu na kona pameachwa sentimita 10. Ubao wa mlango una sentimita 70. Unafunguka kuingia ndani, na bawaba ziko upande wa sinki.

Mchoraji alikuwa na sababu nzuri ya kuweka bawaba upande huo. Mtu anayeingia husogea kuelekea choo, ambako kuna nafasi ya kusimama, kisha hurudisha mlango nyuma yake. Pia alipiga hesabu ya sinki. Upana wa bafu ni 120. Sinki imechukua 45 kutoka ukuta wa mbali, zikabaki 75. Mlango unahitaji 70. Kwa hivyo kuna nafasi ya sentimita 5 kati ya ncha ya mlango na sinki.

Hesabu hiyo ilifanywa kwa vipimo vya mawe. Bafu likikamilika, upana ni 114. Ukiondoa 45 za sinki, zinabaki 69. Mlango bado una 70. Zile sentimita 5 zimetoweka, na mahali pake pamepatikana upungufu wa sentimita moja. Mlango utafunguka vizuri mwanzoni, lakini kabla haujafunguka kikamilifu ncha yake itagonga ubavu wa sinki.

Upungufu wa sentimita moja unatosha kuleta hasara. Sinki ya kauri haipindi. Mlango ukiigonga kila siku, kauri hubanduka vipande vidogo pembeni, kisha hufanya ufa. Misumari inayoshikilia sinki ukutani hulegea, maji huanza kupenya nyuma yake, na taili za hapo huvimba na kubanduka. Mpangaji hulaumiwa kwa kuvunja sinki ambayo kosa lake lilikuwa katika mchoro.

Kuhamisha bawaba hakutatui kila kitu

Jibu linalotolewa haraka na mafundi ni kuhamisha bawaba kwenda upande wa pili wa fremu, yaani upande wa choo. Inafaa kupima jibu hilo pia kabla ya kulikubali.

Choo kinatoka ukutani kwa sentimita 68. Bawaba mpya zitakuwa sentimita 89 kutoka ukuta wa choo, kwa hivyo kati ya ncha ya choo na mstari wa bawaba kuna sentimita 21. Mlango sasa hautaigusa sinki, kwa sababu robo duara inaondoka upande huo. Lakini ukifunguliwa wima, ubao wake utasimama sentimita 21 mbele ya choo kama ukuta. Na ukisukumwa zaidi ya hapo utagonga bakuli, kwa kuwa ncha ya choo iko sentimita 57 kutoka ukuta wa mlango na ubao una urefu wa 70. Mtu aliyebeba ndoo ya maji na kusukuma mlango kwa bega hatajua ni wapi pa kusimama.

Kuna shida nyingine. Mtu akishaingia, mlango unamzuia kufika upande wa choo hadi aufunge kwanza. Ili aufunge, ni lazima atoke ndani ya robo duara. Nafasi iliyobaki kwake ni ukanda wa sentimita 44 kati ya njia ya mlango na ukuta wa mbali, huku sinki ikiwa kando yake. Kijana mwembamba atapita. Mama aliyebeba mtoto mgongoni hatapita.

Hapa ndipo tofauti kati ya mchoro na matumizi inapoonekana. Katika mchoro wa pili hakuna kifaa kinachogusa kingine, na kwa macho ya haraka kazi imekwisha. Lakini mtu hayumo katika mchoro. Bafu ambalo mlango wake haufungiki mtu akiwa ndani lina kasoro sawa na bafu ambalo mlango unagonga sinki.

Kufungua mlango kwenda nje

Katika bafu la ukubwa huu, jibu linalofaa zaidi mara nyingi ni mlango unaofunguka kwenda nje. Robo duara nzima huhamia chumbani, na sakafu yote ya bafu hubaki kwa ajili ya mtu.

Katika bafu la mfano, hatua hiyo inaleta faida ya pili. Sinki ilikuwa imesukumwa kwenye kona ili kuukwepa mlango, na katikati yake ilikuwa sentimita 22 na nusu tu kutoka ukutani, kwa hivyo kiwiko cha anayenawa kingegonga. Mlango ukifunguka nje, sinki inaweza kusogezwa hadi katikati yake iwe sentimita 38 kutoka ukuta wa mbali. Ubavu wake wa karibu utakuwa sentimita 53 na nusu kutoka ukuta wa mlango. Anayeingia bado anapata njia, kwa sababu sinki inajitokeza mbele ya sehemu ndogo tu ya mlango, yaani sentimita 20 kati ya 70. Kati ya ncha ya choo na ukingo wa sinki kuna sentimita 71, ambazo zinazidi zile 60 zinazohitajika mbele ya choo. Kila upande wa choo, kutoka katikati yake hadi ukutani, kuna 57. Nafasi hiyo hiyo ya katikati ndiyo anaposimama mtu kuoga.

Mlango wa nje una faida ya usalama pia. Mtu akizirai au akiteleza na kuanguka ndani ya bafu dogo, mwili wake huangukia nyuma ya mlango. Mlango unaoingia ndani hauwezi kusukumwa bila kumuumiza, na wakati mwingine hauwezi kusukumwa kabisa. Mlango unaotoka nje hufunguliwa hata akiwa amelala sakafuni. Kwa nyumba yenye mzee au mgonjwa wa kifafa, sababu hiyo peke yake inatosha.

Hata hivyo, robo duara haikupotea. Imehamia chumbani, na huko pia inapaswa kupimwa. Mambo mawili yanahitaji kuangaliwa.

La kwanza ni kile kitakachowekwa mbele ya mlango. Katika bedsita, bafu na sehemu ya kupikia huwa jirani. Jiko la gesi au meza ya kupikia isiwe ndani ya njia ya mlango, kwa sababu anayetoka bafuni haoni aliye upande wa pili, na mlango unaweza kugonga sufuria iliyo motoni. Bawaba ziwekwe upande ambao ubao ukifunguka utalala kwenye ukuta mtupu. Ukuta huo uwe na angalau sentimita 75 zisizo na rafu, swichi wala soketi. Kitasa hujitokeza kwa sentimita kadhaa, kwa hivyo mlango haulali bapa kabisa ukutani.

La pili ni maji. Mlango wa bafu hulowa upande wa ndani wakati wa kuoga, na ukifunguliwa nje, matone huangukia sakafu ya chumba. Sakafu ya bafu inapaswa kuwa chini ya sakafu ya chumba kwa sentimita 2 au 3, iwe na kizingiti mlangoni, na iteremke kuelekea kwenye tundu la maji kwa sentimita moja hadi mbili kwa kila mita. Bila mteremko huo, maji yatafika kitandani kwa mpangaji hata mlango ukiwa umepimwa vizuri.

Mlango ukilazimika kufunguka ndani

Kuna mabafu yanayotazamana na korido nyembamba ya jengo, ambako mlango wa nje ungewagonga wapita njia. Hapo mlango unaoingia ndani hauepukiki, na kinachoweza kupunguzwa ni sinki.

Sinki ndogo yenye upana wa sentimita 40, inayotoka ukutani kwa 25, inapatikana katika maduka mengi ya vifaa. Ikiwekwa kwenye kona ile ile ya bafu la mfano, ubavu wake utakuwa sentimita 74 kutoka ukuta wa mlango. Mlango wa 70 utapita, ukibakisha 4. Gharama yake ni kwamba kiwiko kitabanwa na ukuta, na bakuli ni dogo kwa kunawia uso. Kwa bafu la mtu mmoja, wengi wangeikubali gharama hiyo kuliko mlango unaogonga.

Mlango wa kuteleza juu ya reli hauchori robo duara kabisa. Unahitaji ukuta mtupu kando ya tundu la mlango wenye upana sawa na ubao wenyewe. Haufungi sawasawa kama mlango wa bawaba, kwa hivyo huruhusu harufu na sauti kupita. Katika chumba kimoja ambamo watu hulala na kula hatua chache kutoka bafuni, jambo hilo linafaa kufikiriwa.

Bomba la choo hupangwa kabla ya zege

Mlango unaweza kugeuzwa baada ya jengo kukamilika, na sinki inaweza kubadilishwa. Choo hakisogei kwa urahisi, kwa sababu mahali pake huamuliwa na bomba la taka lililofukiwa katika sakafu. Bomba hilo huwekwa kabla ya zege kumwagwa, wakati ambapo hakuna ukuta wa taili wala choo cha kupimia.

Kuna vyoo vinavyotoa taka chini, moja kwa moja sakafuni, na vingine vinavyotoa nyuma, kuelekea ukutani. Kwa vile vinavyotoa chini, kila muundo una umbali wake kutoka mgongo wa tangi hadi katikati ya tundu. Kama umbali huo ni sentimita 22, fundi wa mabomba anapaswa kuongeza 3 za plasta na taili, na moja ya nafasi ya nyuma, ili katikati ya bomba iwe 26 kutoka kwenye jiwe.

Fundi akipima kwa kukisia na bomba likatokea sentimita 5 mbele ya mahali pake, tangi litasimama mbali na ukuta kwa sentimita hizo 5. Ncha ya choo itakuwa 73 kutoka ukutani badala ya 68, na nafasi kati yake na sinki itapungua kutoka 71 hadi 66. Nyuma ya tangi kutabaki mwanya usiosafishika. Bomba likitokea nyuma mno, choo hakitaingia kabisa, na zege italazimika kupasuliwa.

Kwa hivyo mwenye jengo anafaa kuchagua choo kabla ya zege kumwagwa. Si lazima anunue vyote siku hiyo. Inatosha kununua kimoja, kukipima, na kumpa fundi vipimo kwa maandishi. Vyoo vingine vikinunuliwa baadaye viwe vya muundo ule ule.

Jaribio la chaki

Kabla ya kuweka mabomba, mpango mzima unaweza kujaribiwa sakafuni kwa chaki, kamba, msumari na vipande vya katoni. Kazi hiyo huchukua chini ya saa moja, na inaweza kufanyiwa mahali popote penye sakafu tambarare.

Kwanza huchorwa mstatili wa bafu lililokamilika, si wa mawe. Kwa bafu la mfano ni 114 kwa 174. Kisha katoni mbili hukatwa, moja kwa ukubwa wa choo na nyingine kwa ukubwa wa sinki, na kuwekwa mahali pake. Alama za fremu ya mlango huchorwa kwenye ukuta husika. Mahali pa bawaba hushikiliwa msumari uliofungwa kamba yenye urefu sawa na upana wa ubao, na mwisho wa kamba huzungushwa pamoja na chaki hadi ichore robo duara. Kati ya mstari huo na katoni yoyote pawe na angalau sentimita 5. Nafasi hiyo ni ya makosa madogo ambayo fundi yeyote hufanya, kama plasta kuwa nene kidogo au ukuta kutokuwa wima.

Baada ya hapo, mtu mzima aingie ndani ya mchoro. Kiti kiwekwe juu ya katoni ya choo naye aketi, ainuke, ainame juu ya katoni ya sinki, na ageuke akiwa na ndoo mkononi. Mwenzake azungushe kamba kama mlango unaofungwa. Kama mlango unaingia ndani, aliye ndani anapaswa kuwa na mahali pa kusimama nje ya robo duara bila kukanyaga katoni yoyote. Asipopata, mpango ubadilishwe hapo hapo, wakati gharama yake ni chaki tu.

Bafu lililokwisha kujengwa

Mkazi mwenye bafu la zamani anaweza kutambua tatizo kwa alama zake. Ukingo wa sinki uliobanduka kwa kimo cha sentimita 80, na alama ya kimo hicho hicho kwenye ubao wa mlango, huonyesha kwamba viwili hivyo hukutana. Bawaba ya chini inayolegea mara kwa mara mara nyingi huwa ishara ya mlango unaogonga kitu cha chini kama bakuli la choo, kwa sababu kila pigo huivuta. Mkwaruzo wenye umbo la upinde kwenye taili za sakafu huonyesha mlango ulioshuka au sakafu iliyoinuliwa kwa taili bila mlango kukatwa chini.

Hatua ya kwanza na ya bei nafuu ni kizuizi cha mpira kinachofungwa sakafuni, ili mlango usimame kabla ya kugonga. Kinaokoa sinki, ingawa hakiongezi nafasi. Hatua inayofuata ni kubadilisha sinki kwa iliyo ndogo, kwa kuwa mabomba yake huweza kusogezwa bila kupasua sakafu. Kugeuza mlango ufunguke nje ni kazi ya siku moja kwa seremala kama fremu ni ya mbao na kipande cha kuzuilia mlango kimepigiliwa juu yake. Fremu ya chuma italazimika kung'olewa au kuchomelewa upya, na plasta ya pembeni kurekebishwa.

Bafu la ukubwa huu lina mpaka wake. Kiti cha magurudumu huhitaji mduara wenye kipenyo cha kama sentimita 150 ili kigeuke, na bafu la upana wa 114 haliwezi kuutoa hata mlango ukifunguka nje. Mwenye jengo anayetaka angalau nyumba moja ya chini imfae mpangaji anayetumia kiti hicho anapaswa kutenga bafu kubwa zaidi tangu mwanzo, lenye mlango mpana zaidi.

Mambo ya kuonyesha katika mchoro

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inahitaji mjenzi apate ruhusa ya kaunti kabla ya kuanza ujenzi, na mchoro wa jengo ni sehemu ya maombi hayo. Huo ndio wakati mzuri wa mwenye jengo kukaa na mchoraji wake na kuangalia bafu peke yake. Mchoro wa bafu uonyeshe vipimo vya ndani baada ya plasta na taili, ukubwa halisi wa choo na sinki vitakavyonunuliwa, robo duara ya mlango ikiwa imechorwa kikamilifu, na umbali wa bomba la choo kutoka kwenye jiwe. Nakala ya ukurasa huo ipewe fundi wa mawe, fundi wa mabomba na seremala, kwa sababu kila mmoja wao huja kwa siku yake, na anayeweka bawaba huwa hajawahi kuonana na aliyelaza bomba.